Geuza Pakiti, Tafuta Tarehe

Desemba iliyopita, nilipokuwa nakwenda nyumbani Machame kwa sikukuu, nilimbebea shangazi yangu pakiti ya kahawa kutoka Dar es Salaam. Shangazi amelima kahawa chini ya migomba ya kihamba tangu kabla sijazaliwa, lakini matunda yote huyapeleka chama cha msingi, na nyumbani kwake kinachonywewa ni chai. Nilitaka anywe kahawa nzuri. Pakiti ilikuwa ya gramu 250, nyeusi, imechorwa mlima kwa rangi ya dhahabu, na imeandikwa kwamba ni arabika kwa asilimia 100, ya daraja la juu, kutoka Kilimanjaro. Kahawa yenyewe ilikuwa imeshasagwa.

Tulipoikata, harufu haikutoka. Shangazi aliweka pua kwenye mdomo wa pakiti, akasubiri kidogo, akanirudishia. "Mwanangu," alisema, "hii imelala."

Jioni ile niliigeuza nikaisoma upya kwa makini, mbele na nyuma. Sikuona uongo wowote. Inawezekana kabisa ilikuwa arabika, na inawezekana ilitoka Kilimanjaro. Lakini kitu kimoja ambacho shangazi alikigundua kwa pua hakikuandikwa mahali popote: ile kahawa ilikaangwa lini.

Kahawa mbichi, ile buni ya kijani iliyokobolewa, haina harufu ya kahawa hata kidogo. Ukiitia mdomoni ni ngumu kama kokoto na inanukia kama majani makavu. Ikihifadhiwa pakavu inakaa miezi mingi bila kuharibika sana. Harufu tunayoijua inazaliwa kwenye moto, na ikishazaliwa inaanza kuondoka. Moto huo huo unajaza ndani ya punje gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo hutoka kwa wingi siku za mwanzo na kupungua polepole kadiri wiki zinavyopita. Ndiyo sababu pakiti nzuri za kahawa zina kile kitundu kidogo cha plastiki upande wa mbele. Watu wengi hudhani kimewekwa ili mteja abonyeze na kunusa. Ni vali: inaruhusu gesi itoke, na inazuia hewa ya nje isiingie. Bila hiyo, pakiti iliyofungwa mara tu baada ya kukaangwa ingevimba hadi kupasuka.

Gesi ikishatoka, oksijeni inachukua nafasi yake na kuanza kula mafuta na harufu. Kwa kahawa ambayo haijasagwa, mimi huhesabu hivi: wiki ya kwanza iache itulie, kwa sababu gesi ikiwa nyingi mno maji hayapiti vizuri kwenye unga na kikombe kinatoka na ukali usiopendeza. Kuanzia hapo hadi wiki ya sita hivi ndipo inapokuwa katika ubora wake. Baada ya hapo haikudhuru, ila kila wiki inakuondolea kitu. Kahawa iliyosagwa haina subira hiyo. Punje moja ikivunjwa kuwa mamia ya vipande, kila kipande kinakutana na hewa, na sehemu kubwa ya harufu inakwenda ndani ya siku chache baada ya kuifungua pakiti.

Sasa tazama pakiti niliyompelekea shangazi. Ilikuwa na tarehe moja tu, ya mwisho wa matumizi: Novemba ya mwaka unaofuata. Tarehe hiyo huwekwa na mpakiaji mwenyewe, kwa kuhesabu mbele kutoka siku ya kufunga. Wapo wanaohesabu miezi 12, wapo wa 18, wapo wa 24. Kama aliyefunga ile alihesabu 12, basi mwezi Desemba ilikuwa na umri wa mwezi mmoja. Kama alihesabu 18, ilikuwa na miezi saba. Kama alihesabu 24, ilikuwa na miezi 13, na unga wake ulikuwa kwenye pakiti tangu Novemba ya mwaka wa nyuma. Mteja anayesimama dukani hana njia ya kujua ni ipi kati ya hizo tatu. Anaona tu kwamba tarehe bado iko mbali, anafarijika, analipa.

Kwa hiyo sasa nikishika pakiti yoyote, kabla ya kutazama picha na majina, naigeuza chini na nyuma kutafuta maneno yanayosema imekaangwa siku fulani. Mara nyingi ni muhuri mdogo wa wino karibu na mshono, au kibandiko kilichoandikwa kwa mkono. Maneno kama "imekaangwa upya" au "mbichi kutoka kikaangoni" bila siku hayana thamani, kwa sababu kila kahawa iliwahi kuwa mpya. Tarehe ya kufungwa si lazima iwe tarehe ya kukaangwa, ingawa ni afadhali kuliko kukosa zote mbili. Na kama pakiti imetoka Marekani, kumbuka kwamba wao hutanguliza mwezi: 05/06 kwao ni tarehe 6 Mei, si 5 Juni. Tofauti hiyo ni karibu mwezi mzima wa umri wa kahawa.

Juni mwaka huu nilikuwa Arusha kikazi, nikaingia kwenye duka dogo ambalo kijana mmoja anakaanga kahawa nyuma ya kaunta. Kwenye rafu kulikuwa na kahawa za kwetu na chache za Kenya. Nilichukua pakiti moja ya Kenya kwa sababu lebo yake ilikuwa imejaa maneno, nikataka kuona kama ninaweza kuyaelewa yote. Lebo ilikuwa kwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi. Kwa Kiswahili ilisema hivi: Kenya, Nyeri, kisha jina la kiwanda cha kuoshea kahawa, mita 1,700 hadi 1,800, SL28, SL34, Ruiru 11 na Batian, AA, imeoshwa, ilikaangwa 19 Mei, ladha ya karanti nyeusi, balungi na sukari guru. Siku hiyo ilikuwa tarehe 2 Juni. Siku 14 tangu moto. Tarehe ilikuwa imepita mtihani, nikaanza na mengine.

Asili ya kahawa nimejifunza kuisoma kwa swali moja: mahali padogo kabisa palipotajwa ni wapi? "Afrika Mashariki" ni eneo kubwa mno kukuambia chochote. "Kenya" ni afadhali kidogo. "Nyeri" inakuambia miteremko ya Mlima Kenya na safu za Aberdare, udongo mwekundu wa volkano na usiku wa baridi. Jina la kiwanda ndilo linalofika karibu zaidi na shamba. Kule Nyeri wakulima wadogo hawatengenezi kahawa kila mtu nyumbani kwake. Wanapeleka matunda mabivu kwenye kiwanda cha ushirika wao, na kiwanda kimoja hupokea matunda ya mamia ya familia. Pakiti ikitaja kiwanda, maana yake ni kwamba kuna mtu aliyetunza mzigo ule peke yake tangu kuoshwa hadi kukaangwa, bila kuuchanganya na magunia mengine. Hilo halihakikishi utamu, lakini linaonyesha kwamba kulikuwa na kitu kilichostahili kutengwa.

Jina la mlima lililochorwa kwa dhahabu ni jambo jingine. Linaweza kuwa mkoa ilikolimwa kahawa, na linaweza kuwa jina la biashara tu. Tafuta kama nyuma pametajwa wilaya, kijiji, chama cha msingi au shamba. Kama hapakutajwa chochote, chukulia kwamba ni mchanganyiko. Mchanganyiko si kosa. Kwa anayekunywa kahawa na maziwa asubuhi, mchanganyiko mzuri wenye tarehe ya karibu unamfaa sana.

Zile mita ni urefu kutoka usawa wa bahari. Juu kuna baridi, tunda linaiva polepole, punje inakuwa nzito na iliyoshikana, na uchachu wake unakuwa safi zaidi. Neno "imeoshwa" linaeleza kilichofanyika baada ya kuvuna: matunda yalimenywa kwa mashine, punje zikaachwa kwenye matangi hadi ule utelezi ukachachuka na kulegea, zikaoshwa kwa maji mengi, zikaanikwa kwenye vichanja. Kahawa ya namna hii huwa na ladha iliyo wazi. Njia nyingine ni kuanika tunda zima na ganda lake, ambapo ladha inaelekea utamu mzito, wakati mwingine kama tunda lililoanza kuchacha. Msomaji wa Kenya akumbuke hapo kwamba kile wanachokiita mbuni, matunda ya mwisho wa msimu yanayokaushwa na maganda na kuuzwa kwa bei ya chini, si sawa na kahawa iliyochaguliwa ikiwa mbivu na kuanikwa kwa uangalifu, ingawa kwa maelezo ya lebo zote zimekaushwa na ganda.

Kisha ile mistari ya herufi na namba, ambayo watu wengi huiruka. Niliwahi kudhani ni namba za kiwandani. Ni majina ya mbegu. Na hapa kwanza tuondoe mkanganyiko: arabika na robusta si mbegu kwa maana hii. Hizo ni spishi mbili za mmea, kama ulivyo mchungwa na mlimau. Pakiti inayosema arabika kwa asilimia 100 imekuambia tu kwamba ni machungwa, haijakuambia ni machungwa gani.

SL ni kifupi cha Maabara ya Scott, kituo cha utafiti cha serikali ya kikoloni kilichokuwa Kabete, karibu na Nairobi. Na SL28, mbegu iliyoipa Kenya sifa yake duniani, asili yake ni kwetu. Mwaka 1931 ofisa wa kahawa wa maabara hiyo alizunguka Tanganyika, akaona huko Monduli kahawa iliyostahimili ukame. Mbegu zikachukuliwa hadi Kabete, na katikati ya muongo huo ukateuliwa mti mmoja ambao ndio chanzo cha SL28. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekuta picha ya babu yake kwenye nyumba ya jirani.

Tatizo la SL28 na SL34 ni kwamba ni tamu lakini dhaifu. Chulebuni, ugonjwa unaooza matunda yakiwa bado machanga, unazimaliza, na kutu ya majani vilevile. Ndiyo maana watafiti wa Kenya walitoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, mbegu zinazohimili magonjwa hayo. Kwetu nako Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye makao yake Lyamungu, imezalisha mbegu zinazostahimili chulebuni na kutu, na kwenye vihamba vingi zimesimama bega kwa bega na mikahawa ya zamani kama N39 na KP423.

Nilimuuliza yule kijana kwa nini mwuzaji wa Kenya ameandika mbegu nne badala ya kuitaja SL28 peke yake, maana ndiyo yenye jina.

"Dada, kwa sababu anasema kweli," alinijibu. "Fikiria watu mia tano wanaleta matunda kiwandani jioni moja. Huyu ana SL, yule ana Ruiru, mwingine ana zote shambani mwake. Yanamenywa pamoja. Nikiona mzigo wa ushirika umeandikwa SL28 tupu, mimi ndiyo naanza kuuliza maswali. Ukitoka kwenye shamba kubwa la mtu mmoja, hapo naelewa."

Hilo lilinifundisha zaidi kuliko majina yenyewe. Orodha ndefu ya mbegu kwenye kahawa ya wakulima wadogo inatoa dalili ya ukweli. Jina moja la kifahari linataka jina la shamba pembeni yake.

AA ndiyo herufi inayouza kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Haipimi ladha, inapima ukubwa wa punje. Kahawa iliyokobolewa hupitishwa kwenye machekeche yenye matundu ya vipimo tofauti, na AA ni zile punje zinazobaki juu ya matundu ya karibu milimita 7. AB ni ndogo kidogo. PB ni zile za duara: kwa kawaida tunda lina punje mbili zilizogusana kwa upande bapa, lakini matunda machache hutoa punje moja tu, nayo inaviringika kama punje ya dengu. Punje kubwa hupata bei nzuri mnadani, na kukaanga punje zenye ukubwa sawa ni rahisi kwa sababu zinaiva pamoja. Lakini AB kutoka kiwanda kizuri inaweza kuishinda AA ya kiwanda cha kawaida, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Mimi nikiona mbili za kiwanda kimoja, huchukua AB.

Tukafika kwenye ladha. Hapa niseme wazi, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi: hakuna karanti, balungi wala sukari guru iliyotiwa ndani ya pakiti. Kahawa iliyoongezwa ladha, kwa mfano vanila, hutajwa kwenye viambato. Yale maneno matatu ni kumbukumbu ya waonjaji. Kazi yao inafanywa kwa utaratibu mmoja karibu dunia nzima: gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji ya moto, zinaachwa kama dakika nne, ukoko wa juu unavunjwa kwa kijiko huku pua ikiwa karibu kabisa na kikombe, kisha kahawa ikipoa kidogo inavutwa mdomoni kwa kishindo ili itawanyike ulimini. Mtu anatafuta neno la kitu anachokijua kilicho karibu na anachokihisi.

Shida ni kwamba kitu anachokijua yeye si lazima ukijue wewe. Karanti nyeusi ni tunda dogo la nchi za baridi. Wengi wetu tumekutana nalo kwenye chupa ya Ribena tu. Ukisoma neno hilo na kukunja uso, kosa si lako. Mimi nimezoea kuacha kulitafuta tunda lenyewe na kuuliza maneno yote matatu kwa pamoja yanaelekea wapi. Yakiwa ya matunda machachu na maua, tegemea kahawa nyepesi, yenye uchachu unaochangamsha, ambayo maziwa yataizima. Yakiwa chokoleti, karanga na karameli, tegemea uchachu mdogo na uzito mdomoni. Hiyo itavumilia maziwa na sukari. Yakiwa kama stroberi, mvinyo au tunda lililokauka, mara nyingi ilianikwa na ganda. Na kama kwako kahawa huchemshwa muda mrefu kwenye dele na tangawizi, usilipie zaidi kwa ajili ya maua ya yasmini. Harufu hizo nyepesi hupaa na mvuke kabla kikombe hakijajazwa.

Maneno ya ladha pia yanakupa nafasi ya kuikagua lebo yenyewe, kwa sababu lazima yakubaliane na mengine. Kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi na kung'aa mafuta imepoteza karibu uchachu wake wote. Kilichobaki ni uchungu, moshi na chokoleti nyeusi. Pakiti ikisema imekaangwa sana halafu ikaahidi limau na yasmini, mojawapo si kweli. Vivyo hivyo ladha za matunda kwenye kahawa isiyo na tarehe, wala mahali, wala mbegu: nani alizionja, kwenye mzigo upi, na lini? Ile ya Nyeri ilikubaliana na nafsi yake kila mstari. Miinuko ya juu, imeoshwa, mbegu za SL ndani yake, imekaangwa wastani, na ladha zinazoelekea kwenye uchachu na utamu wa guru. Nikalipa. Niliomba isisagwe.

Wiki hiyo hiyo nilipanda Machame. Tulisaga kwa mkono, nikaweka unga kwenye kitambaa cha chujio na kumwagia maji kidogo tu, yaliyotoka kuchemka na kutulia nusu dakika. Unga uliumuka kama maandazi kwenye mafuta, ukatoa mapovu. Hiyo ni ile gesi, na ni kipimo ambacho lebo haiwezi kukidanganya: kahawa iliyolala inakaa kimya kama tope. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na harufu ilimfikia kabla sijamwita.

Alikunywa bila sukari, polepole, kikombe chote. Nilimsomea lebo, nikafika kwenye karanti nyeusi, akaniuliza ni kitu gani. Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Akaonja tena yale matone ya mwisho, ambayo yalikuwa yameshapoa.

"Zambarau," alisema. "Zile zilizoiva sana, zilizodondoka zenyewe." Kisha akachukua pakiti, akaigeuza, akaanza kutafuta ile tarehe mwenyewe kwa kidole.